Kuunganisha Upya Jedwali Lililokatwa na Kurasa

Ripoti nyingi za takwimu za Afrika Mashariki, kama vile zile za sensa ya Tanganyika ya mwaka 1957, zilipigwa chapa kwenye karatasi wakati kompyuta hazijaenea. Siku hizi maktaba na nyumba za kumbukumbu huzipiga picha ripoti za namna hiyo kwa skana ili zisipotee. Lakini picha ya jedwali si jedwali. Kwa kompyuta, picha hiyo ni madoa meusi juu ya weupe tu, na haiwezi kujumlishwa wala kulinganishwa na sensa nyingine mpaka tarakimu zake zitolewe na kuandikwa upya, ama kwa mkono, ama kwa programu ya kusoma maandishi.

Taabu huanza pale jedwali linapokuwa refu. Programu husoma ukurasa mmoja mmoja. Jedwali lililochukua kurasa sita katika kitabu hutoka likiwa vijedwali sita visivyojuana: cha kwanza kina vichwa vya safu lakini hakina jumla, cha mwisho kina jumla lakini hakina vichwa, na vya katikati havina hiki wala kile. Mtu anayeviunganisha akikosea mahali pamoja tu, tarakimu za wanawake zinaweza kuhesabiwa kuwa za wanaume, na kosa hilo lisionekane kwa macho, maana kila tarakimu iliyoandikwa ni ya kweli. Iliyo ya uongo ni nafasi yake.

Makala haya yanaeleza jinsi jedwali la namna hiyo linavyounganishwa, na hasa jinsi jumla zilizochapishwa katika jedwali lenyewe zinavyoweza kutumiwa kama shahidi wa kuthibitisha kwamba kila safu iko chini ya kichwa chake. Katika maelezo yote, neno "mstari" lina maana ya tarakimu zinazokwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na "safu" ni tarakimu zinazoshuka kutoka juu kwenda chini.

Jedwali la mfano

Mfano utakaotumika ni idadi ya watu wa Zanzibar kwa mikoa, kama ilivyohesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 26 Agosti 2012. Sensa nyingine ilikwisha kufanyika mwaka 2022, lakini hesabu za 2012 zinafaa kwa somo hili kwa sababu ni chache na zinajumlishika pande zote mbili. Kwa ajili ya zoezi, ichukuliwe kwamba jedwali hili limechapishwa katika kurasa mbili: Unguja ukurasa wa kwanza, Pemba ukurasa wa pili.

Ukurasa wa kwanza

| Mkoa | Jumla | Wanaume | Wanawake |
|---|---|---|---|
| Kaskazini Unguja | 187,455 | 92,114 | 95,341 |
| Kusini Unguja | 115,588 | 57,880 | 57,708 |
| Mjini Magharibi | 593,678 | 283,590 | 310,088 |
| Jumla ya Unguja | 896,721 | 433,584 | 463,137 |

Ukurasa wa pili

| Mkoa | Jumla | Wanaume | Wanawake |
|---|---|---|---|
| Kaskazini Pemba | 211,732 | 103,222 | 108,510 |
| Kusini Pemba | 195,116 | 93,871 | 101,245 |
| Jumla ya Pemba | 406,848 | 197,093 | 209,755 |
| Jumla ya Zanzibar | 1,303,569 | 630,677 | 672,892 |

Hapa vichwa vimewekwa katika kurasa zote mbili ili msomaji aone jedwali lilivyo sahihi. Katika ripoti halisi, ukurasa wa pili mara nyingi huwa na neno "inaendelea" peke yake, au vichwa vyake huwa vimekatwa kwa sababu kitabu hakikulazwa sawasawa juu ya skana.

Kutayarisha mifupa kabla ya tarakimu

Kazi haianzi kwa kunakili tarakimu. Huanza kwa kuandika mifupa ya jedwali, yaani orodha ya safu zote kwa majina yao kamili na orodha ya mistari yote kwa mpangilio wake.

Jina kamili la safu ni jambo la kuangaliwa sana. Vichwa vya majedwali ya sensa huwa na ngazi mbili au tatu. Juu kabisa panaweza kuandikwa mwaka, na chini ya mwaka huo "Wanaume" na "Wanawake". Kisha mwaka wa pili, na chini yake tena "Wanaume" na "Wanawake". Mwenye kunakili neno la chini peke yake atakuwa na safu mbili zenye jina moja, na baada ya ukurasa kubadilika hataweza kujua ipi ni ya mwaka upi. Kwa hiyo kila safu hupewa jina linalokusanya ngazi zote, kwa mfano "2012, Wanaume", na jina hilo huandikwa hata katika kurasa ambazo hazina vichwa.

Katika mistari, kila mmoja huongezewa alama mbili ambazo hazimo katika kitabu. Ya kwanza ni namba ya ukurasa ulikotoka, ili mwenye shaka aweze kurudi kwenye picha. Ya pili ni aina ya mstari: mkoa, jumla ndogo au jumla kuu. Mistari michache ya mfano wetu ikiandikwa hivyo katika faili la kompyuta itakuwa kama ifuatavyo:

```
ukurasa,aina,mkoa,jumla,wanaume,wanawake
1,mkoa,Mjini Magharibi,593678,283590,310088
1,jumla_ndogo,Unguja,896721,433584,463137
2,mkoa,Kaskazini Pemba,211732,103222,108510
```

Faida ya alama ya aina huonekana mara moja. Mtu akiijumlisha safu ya kwanza ya jedwali zima bila kutofautisha mistari, atahesabu mikoa mitano, kisha Unguja na Pemba, ambazo ni mikoa ile ile kwa mara ya pili, kisha Zanzibar kwa mara ya tatu. Atapata 3,910,707, yaani mara tatu kamili ya idadi ya watu. Hatari hii huongezeka pale ripoti inapoweka juu ya kila ukurasa mpya jumla iliyoletwa kutoka ukurasa uliotangulia. Mstari huo si mkoa. Ni kiungo kati ya kurasa, na ni lazima utiwe alama yake yenyewe.

Kuhesabu visanduku

Tarakimu zikishatolewa, ukaguzi wa kwanza si wa kujumlisha bali wa kuhesabu: kila mstari una tarakimu ngapi? Katika jedwali la mfano kila mstari ni lazima uwe na tatu.

Sababu ni kwamba programu ya kusoma maandishi haioni kisanduku kitupu kama mtu anavyokiona. Ikikuta mahali pasipo na kitu, au tarakimu iliyofifia isiyosomeka, inaweza kuiruka na kusogeza tarakimu zinazofuata upande wa kushoto. Tuseme idadi ya jumla ya Kusini Pemba imefifia. Mstari utatoka na tarakimu mbili, 93,871 na 101,245, na ya wanaume itakaa chini ya kichwa cha jumla. Mstari wenye upungufu hurudishwa kwenye picha, na mahali patupu hutiwa alama maalumu. Alama hiyo isiwe sifuri. Katika ripoti, sifuri ina maana kwamba watu walihesabiwa na hakupatikana hata mmoja. Mahali patupu pana maana kwamba hakuna habari.

Jumla kama shahidi

Ukaguzi wa pili ni wa kujumlisha, na hufanywa kwa njia mbili ambazo kila moja ina kazi yake. Kwanza hujumlishwa mstari: wanaume na wanawake wa kila mkoa walingane na jumla ya mkoa. Kisha hujumlishwa safu: mikoa ilingane na jumla ndogo, na jumla ndogo zilingane na jumla kuu.

Uichukue tarakimu moja iliyosomwa vibaya. Katika maandishi yaliyofifia tarakimu 3 na 8 hufanana. Programu imesoma wanaume wa Kaskazini Pemba kuwa 108,222 badala ya 103,222. Mstari huo sasa unaleta 216,732 badala ya 211,732, yaani umezidi kwa 5,000. Safu ya wanaume katika Pemba inaleta 202,093 badala ya 197,093, nayo imezidi kwa 5,000. Mstari mmoja tu una kosa na safu moja tu ina kosa, na mahali zinapokutana ndipo penye tarakimu mbaya. Mkaguzi hana haja ya kupitia ukurasa wote. Anaifungua picha na kutazama kisanduku kimoja.

Namna nyingine ya kosa hutokana na mtu anayenakili kwa mkono, naye ni kugeuza tarakimu mbili zilizo jirani. Aliyeandika wanaume wa Kusini Unguja kuwa 58,780 badala ya 57,880 amekosea kwa 900. Tofauti ya kosa la namna hii daima hugawanyika kwa 9. Sababu ni nyepesi: tarakimu a na b zikiandikwa kwa mpangilio huo thamani yake ni 10a + b, na zikigeuzwa ni 10b + a. Ukitoa ya pili katika ya kwanza unapata 9a − 9b, yaani 9 mara tofauti ya a na b. Kwa hiyo tofauti ikigawanyika kwa 9, mkaguzi hutafuta kwanza tarakimu zilizogeuzwa. Hicho ni kidokezo tu, wala si uthibitisho, kwa kuwa 0 iliyosomwa kuwa 9 huacha tofauti ya namna hiyo hiyo.

Kosa ambalo mstari hauwezi kulitoa

Sasa ifikiriwe hali ngumu zaidi. Ukurasa wa pili umekatwa vichwa. Mnakili, ambaye ametoka kunakili jedwali jingine lililotanguliza wanawake, anaziandika tarakimu za Pemba kwa mpangilio huo: wanawake kwanza, wanaume baadaye. Hakuna tarakimu iliyosomwa vibaya. Hakuna kisanduku kilichopotea.

Akikagua kwa mstari, atapata kila kitu ni sawa. Kaskazini Pemba ni 103,222 na 108,510, jumla 211,732. Kusini Pemba ni 93,871 na 101,245, jumla 195,116. Kujumlisha hakujali kipi kimetangulia, na kwa sababu hiyo ukaguzi wa mstari hauwezi kamwe kugundua vichwa vilivyobadilishana. Hata jumla ndogo ya Pemba haitamsaidia, kwa kuwa nayo imo katika ukurasa ule ule na imebadilishana pamoja na mikoa yake.

Shahidi pekee aliyebaki ni hesabu inayovuka mpaka wa kurasa. Wanaume wa Unguja ni 433,584, na vichwa vyao katika ukurasa wa kwanza vinasomeka. Wakiongezwa 209,755, ambao mnakili amewaita wanaume wa Pemba, jumla ni 643,339. Wanawake wa Unguja 463,137 wakiongezwa 197,093 ni 660,230. Jumla ya Zanzibar imo ukurasa wa pili, na mnakili ameibadilisha vichwa vyake pia: ameandika wanawake 630,677 na wanaume 672,892. Hakuna kati ya hizi inayolingana na nyingine. Lakini zikigeuzwa tarakimu zote za ukurasa wa pili, 433,584 na 197,093 zinaleta 630,677 kamili, na 463,137 na 209,755 zinaleta 672,892 kamili. Mpangilio mmoja unakubali, wa pili unakataa. Kichwa kilichokatwa na skana kimepatikana kwa hesabu.

Hapo ndipo kiini cha kazi hii. Jumla zilizo ndani ya ukurasa huthibitisha kwamba tarakimu zimesomwa vizuri. Jumla zinazovuka kurasa huthibitisha kwamba vichwa vimefuatana. Mwenye kuridhika na za kwanza peke yake anaweza kuchapisha jedwali lisilo na kosa hata moja la kusoma, ambalo hata hivyo linasema kwamba Pemba ilikuwa na wanaume 12,662 zaidi ya wanawake, wakati ukweli ni kwamba wanawake ndio waliozidi kwa idadi hiyo hiyo. Atakayepanga huduma za uzazi au kueleza uhamaji wa vijana kwa kutumia jedwali hilo atajenga juu ya mchanga.

Hatari ya kukisia

Huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini taabu yote hii, wakati inajulikana kwamba wanawake ni wengi kuliko wanaume? Si ingetosha kuweka tarakimu kubwa chini ya kichwa cha wanawake?

Jedwali lenyewe linajibu. Katika mikoa minne wanawake wamezidi, lakini Kusini Unguja wanaume walikuwa 57,880 na wanawake 57,708. Wanaume wamezidi kwa 172. Mkaguzi anayefuata mazoea angeugeuza mstari huo akidhani anasahihisha, na safu ya wanaume ya Unguja ingeshuka kutoka 433,584 hadi 433,412. Hesabu ingemkataza papo hapo. Tarakimu inayoshangaza haisahihishwi kwa sababu inashangaza. Husahihishwa pale picha au hesabu inapoonyesha kwamba imesomwa vibaya.

Mahali ambapo hesabu haifiki

Njia hii ina mipaka yake, na ni vizuri mipaka hiyo ijulikane.

Kwanza, jumla haziwezi kulinda majina ya mistari. Majina ya Kaskazini Pemba na Kusini Pemba yakibadilishana, kila jumla itabaki kama ilivyokuwa, maana mikoa yote miwili imo katika jumla ndogo moja. Kosa hili hutokea sana katika majedwali mapana, ambayo majina ya mikoa yamo katika ukurasa wa kushoto na tarakimu zinaendelea katika ukurasa wa kulia usio na majina. Picha ikipinda kidogo, mistari ya kulia huteleza kwa ngazi moja. Wachapaji wengine waliweka namba za mistari pembeni mwa kurasa zote mbili, na namba hizo ndizo zifuatwe. Zisipokuwepo, hutafutwa jedwali jingine katika ripoti hiyo hiyo lenye mikoa ile ile, na jumla ya kila mkoa hulinganishwa.

Pili, tarakimu zilizofupishwa hazilazimiki kulingana kamili. Mikoa mitano ya mfano ikiandikwa kwa makumi ya maelfu ni 19, 12, 59, 21 na 20. Jumla yake ni 131, lakini 1,303,569 ikifupishwa yenyewe ni 130. Hapana aliyekosea. Kila tarakimu iliyofupishwa inaweza kupotoka kwa nusu ya kizio, kwa hiyo tarakimu tano pamoja na jumla yake haziwezi kutofautiana kwa zaidi ya vizio 3. Tofauti ikivuka kiwango hicho, kosa lipo.

Tatu, asilimia na wastani havijumlishwi kwenda chini. Safu za namna hiyo hukaguliwa kwa kuzikokotoa upya kutoka katika safu zilizozaa hesabu hizo.

Mwisho, mchapaji wa zamani naye alikuwa mtu. Pengine picha inasomeka wazi kabisa na bado jumla iliyochapishwa haikubali. Hapo mkaguzi haruhusiwi kuibadilisha kimyakimya. Huandika tarakimu kama ilivyo kitabuni, kisha katika safu ya pembeni hueleza jumla aliyoipata mwenyewe na tofauti iliyopo, ili atakayekuja baadaye ajue lipi ni neno la ripoti na lipi ni neno la mkaguzi. Kabla ya hapo, hata hivyo, hutazama mwanzo na mwisho wa kitabu, maana huenda mchapaji aligundua kosa lake na kuambatisha karatasi ya masahihisho.

Zoezi

Mwanafunzi amenakili mistari miwili ya Pemba kama ifuatavyo. Kaskazini Pemba: jumla 211,732, wanaume 103,222, wanawake 108,510. Kusini Pemba: jumla 195,116, wanaume 93,871, wanawake 101,425. Jumla ya Pemba iliyochapishwa ni 406,848, wanaume 197,093, wanawake 209,755. Bila kutazama jedwali lililotolewa juu, kitafutwe kisanduku chenye kosa, na ielezwe ni kosa la namna gani.

Jibu: Mstari wa Kusini Pemba unaleta 195,296, yaani umezidi kwa 180. Safu ya wanawake inaleta 209,935, nayo imezidi kwa 180. Kosa limo pale zinapokutana. Kwa kuwa 180 ni 9 mara 20, hutafutwa tarakimu mbili jirani zenye tofauti ya 2, katika nafasi za mamia na makumi. Nazo ni 4 na 2: mwanafunzi ameandika 101,425 badala ya 101,245.